Majibu Mawili ya Deni Moja

Jioni ya tarehe 30 Juni, mwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi anamuuliza karani wake wa hesabu swali jepesi: wateja wote kwa pamoja wanadaiwa shilingi ngapi? Jibu la kwanza liko kwenye leja kuu, nalo ni 23,300,000. Jibu la pili linapatikana kwa kuzipitia kadi za wateja moja moja, kuandika salio la kila kadi na kujumlisha. Hilo linatoka 20,578,000. Duka ni lile lile, wateja ni wale wale, na siku ni hiyo hiyo, lakini majibu yamepishana kwa 2,722,000.

Duka hili ni la mfano. Nimeliweka Morogoro, likiwakopesha makandarasi wa mjini na wenye maduka ya rejareja wa Mvomero, Kilosa na Ifakara. Tarakimu nimezitunga mimi, na VAT nimeiacha nje ili hesabu isitulemee. Makosa yaliyomo ndani yake, hata hivyo, atayatambua mtu yeyote aliyewahi kufunga vitabu vya mwezi.

Kabla ya kuanza kumtafuta mchawi, tuone namba hizo mbili zimetoka wapi, kwa sababu asili yake ni karatasi zile zile. Mteja akichukua saruji kwa mkopo anaandikiwa ankara. Ankara ile inaingizwa kwenye daftari la mauzo ya mkopo, kisha inafuata njia mbili. Njia ya kwanza ni ya mmoja mmoja: kiasi cha ankara kinaandikwa kwenye kadi ya mteja mwenyewe, upande wa debiti, ili ijulikane anadaiwa nini. Kadi hizo zote kwa pamoja ndizo leja ya mauzo. Njia ya pili ni ya jumla: mwisho wa mwezi daftari zima linajumlishwa, na jumla hiyo moja inapelekwa leja kuu kwenye akaunti inayoitwa akaunti ya udhibiti wa leja ya mauzo. Malipo ya wateja nayo yanafanyiwa vivyo hivyo. Kila stakabadhi inaingia kwenye kadi ya aliyelipa, na jumla ya safu ya wateja katika daftari la fedha inaingia kwenye akaunti ya udhibiti, upande wa krediti.

Kwa hiyo akaunti ya udhibiti haimjui mteja yeyote kwa jina. Inajua jumla tu. Kwa duka letu mwezi wa Juni ilianza na deni la 18,400,000. Yakaongezeka mauzo ya mkopo ya 42,650,000. Wateja wakalipa 36,900,000, na bidhaa za 850,000 zikarudishwa. Kinachobaki ni 23,300,000. Kama kila karatasi ilipita njia zote mbili salama, kadi nazo zingefika hapo hapo. Hazikufika, basi kuna karatasi iliyopotea njiani, au iliyofika imebadilika sura, au kuna mtu aliyejumlisha vibaya.

Watu wengi wakiona tofauti wanaanza kuzipekua kadi zote kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Ni kazi ya kuumiza macho, na mara nyingi siyo pa kuanzia. Karani mzoefu kwanza anaitazama ile tofauti yenyewe. Je, mwezi huu kuna ankara au stakabadhi ya kiasi hicho hicho? Kama ipo, huenda imeingia njia moja ikasahauliwa njia ya pili. Je, nusu yake ipo? Kiasi kikiandikwa upande wa kulia badala ya kushoto, kosa linakuwa mara mbili ya kiasi chenyewe. Je, inagawanyika kwa 9 bila kubaki? Tarakimu mbili zinazofuatana zikibadilishana nafasi, kama 54 kuandikwa 45, tofauti siku zote hugawanyika kwa 9. Karani wetu akajaribu yote matatu kwa 2,722,000 na hakupata kitu. Hakuna karatasi ya kiasi hicho, hakuna ya 1,361,000, na ukijumlisha tarakimu 2, 7, 2 na 2 unapata 13, ambayo haigawanyiki kwa 9. Majaribio haya yakigoma yote, dalili kubwa ni kwamba makosa ni zaidi ya moja na yamechanganyika.

Akaiweka leja ya mauzo kando, akafungua ya manunuzi.

Upande huo mpangilio ni ule ule, ila umegeuzwa. Kadi ni za wasambazaji, yaani wanaotudai sisi, na akaunti ya udhibiti wa leja ya manunuzi inakusanya jumla za ankara zao na jumla za malipo tuliyofanya. Ilianza Juni na 14,200,000, tukanunua kwa mkopo bidhaa za 29,500,000, tukalipa 26,100,000, tukarudisha za 400,000. Salio ni 17,200,000. Orodha ya kadi za wasambazaji ikajumlishwa: 14,800,000. Tofauti ni 2,400,000 kamili.

Tofauti hii inasemeka, ile ya kwanza haisemeki. Kiasi cha duara namna hii mara nyingi ni muamala mmoja uliosimama peke yake. Karani akachukua orodha ya wasambazaji ya Mei na ya Juni, akaziweka bega kwa bega, akatafuta jina lililobadilika pasipo malipo. Akamwona muuza mbao. Mwisho wa Mei tulikuwa tunadaiwa naye 2,400,000, lakini kwenye orodha ya Juni hayumo kabisa, maana kadi yake imesoma sifuri. Kwenye daftari la fedha hakuna shilingi aliyolipwa.

Muuza mbao huyu hutuletea mbao za Mafinga, na hapo hapo ni mteja wetu wa saruji na mabati. Ana kadi mbili: moja kwenye leja ya manunuzi, nyingine kwenye leja ya mauzo. Katikati ya Juni alikuwa anadaiwa na duka 3,900,000 za saruji, na duka linadaiwa naye 2,400,000 za mbao. Akaja, wakakubaliana na mwenye duka wakatane juu kwa juu. Kwa nini mmoja aandike hundi ya milioni mbili na ushee ampe mwenzake, kisha mwenzake aandike nyingine amrudishie? Kinachokatwa ni lile deni dogo, 2,400,000. Upande wa mbao tumemalizana, upande wa saruji anabaki anadaiwa 1,500,000.

Wahasibu huita maingizo haya kontra. Hakuna fedha iliyotembea, hakuna faida wala hasara iliyopatikana. Wanaotudai wamepungua kwa 2,400,000, na tunaowadai wamepungua kwa kiasi hicho hicho. Kwenye kadi yake ya manunuzi kiasi kinaandikwa upande wa debiti, kwa kuwa deni letu kwake limepungua. Kwenye kadi yake ya mauzo kinaandikwa upande wa krediti, kwa kuwa deni lake kwetu limepungua. Halafu inapaswa kuandikwa hati ya jarida ili akaunti mbili za udhibiti nazo zipate habari: debiti ya manunuzi, krediti ya mauzo. Ndipo kontra inapoponyoka. Mauzo yana daftari lake na malipo yana daftari lake, hivyo yatafika leja kuu hata karani akiwa amechoka. Kontra haipiti kwenye daftari lolote kati ya hayo. Asipokaa mtu akaiandikia hati, leja kuu haitaisikia kamwe.

Ndivyo ilivyotokea. Mwenye duka na muuza mbao walikubaliana, karani wa kadi akaambiwa kwa mdomo, akarekebisha kadi zote mbili vizuri kabisa. Hati ya jarida haikuandikwa. Kwa hiyo akaunti zote mbili za udhibiti zilikuwa bado zinaamini madeni hayo yapo.

Kontra ina mitego mingine ambayo duka hili liliikwepa, lakini ni ya kawaida. Mmoja ni kuandika upande usiofaa. Kama kadi ya mauzo ya muuza mbao ingeandikwa debiti badala ya krediti, ingeonyesha anadaiwa 6,300,000 badala ya 1,500,000, na tofauti ingekuwa 4,800,000, mara mbili ya kiasi chenyewe. Mwingine ni kuiandika kana kwamba fedha imepokelewa. Kadi zitasoma sawa, akaunti za udhibiti zitasoma sawa, lakini daftari la fedha litaonyesha hela ambayo haipo kwenye droo wala benki. Wa tatu ni wa kisheria zaidi: mwenye kudai na mwenye kudaiwa lazima awe ni yule yule. Kama mbao zimeuzwa na kampuni iliyosajiliwa, na saruji amechukua mkurugenzi kwa ajili ya nyumba yake, hayo ni madeni ya watu wawili, na hayakatwi kwa maneno ya kaunta. Na kukatana hakufuti mauzo. Risiti za saruji na risiti za mbao zinabaki kama zilivyo kwa kiasi chote, na kodi yake ni ile ile. Ndiyo maana kontra inataka karatasi yenye sahihi za pande mbili, hata ikiwa ni nusu ukurasa, ikitaja ankara zinazokatwa na salio linalobaki.

Basi leja ya manunuzi ikapona kwa hati moja: 17,200,000 toa 2,400,000 ni 14,800,000, sawasawa na kadi. Hati hiyo hiyo ikashusha akaunti ya udhibiti wa mauzo kutoka 23,300,000 hadi 20,900,000. Tofauti ya upande wa mauzo ikabaki 322,000.

Hapo ndipo maduka mengi husimama. Kwa deni la milioni 20 na ushee, laki tatu na elfu ishirini na mbili inaonekana ni chenji. Karani huandika "marekebisho" na kufunga kitabu. Mimi sishauri hivyo, na sababu inaonekana kwa kufuata kilichotokea baadaye.

Karani alihesabu kadi. Idadi ya kadi kwenye boksi ilikuwa pungufu kwa moja ukilinganisha na rejista ya wateja. Iliyokosekana ilikuwa mezani kwa kijana anayefuatilia madeni. Alikuwa ameitoa asubuhi ili ampigie mteja wa Ifakara simu, na hakuirudisha. Salio lake ni 640,000. Orodha ikapanda kutoka 20,578,000 hadi 21,218,000. Sasa kadi ndizo zilizozidi leja kuu, kwa 318,000. Kosa limepatikana, na tofauti imekataa kuisha. Imegeuka upande tu.

Ikabaki kazi ya kuchosha: kujumlisha upya daftari la mauzo ya mkopo, ukurasa kwa ukurasa. Kwenye ukurasa mmoja jumla ya chini ilikuwa 6,840,000. Juu ya ukurasa uliofuata, mahali pa kuandika jumla iliyoletwa, pameandikwa 6,480,000. Nane na nne zimebadilishana nafasi, na 360,000 imepotea kati ya ukurasa na ukurasa. Ukiigawanya 360,000 kwa 9 inakubali, lakini jaribio la 9 lisingeweza kuinusa mapema, kwa kuwa ilikuwa imefunikwa na makosa mengine. Jaribio hilo hufanya kazi kosa likiwa limebaki peke yake.

Akaunti ya udhibiti ikapandishwa kwa 360,000 ikawa 21,260,000. Kadi zinasema 21,218,000. Tofauti sasa ni 42,000.

Tazama ile 322,000 ilikuwa na nini tumboni: mteja mzima wa 640,000 aliyesahauliwa, jumla iliyopungua kwa 360,000, na hii 42,000 ambayo bado haijulikani. Makosa makubwa yalikuwa yanavutana, moja likiishusha orodha, jingine likiishusha leja kuu, na kilichoonekana nje ni mabaki. Udogo wa tofauti hausemi chochote kuhusu ukubwa wa makosa yaliyoizaa.

Lile kosa la jumla ya ukurasa linastahili neno zaidi. Jumla ya daftari la mauzo inapelekwa sehemu mbili kwenye leja kuu: debiti kwenye akaunti ya udhibiti na krediti kwenye akaunti ya mauzo. Zote mbili zilipokea namba ile ile yenye upungufu. Kwa hiyo urari ulisawazika bila tatizo, debiti sawa na krediti, na mtu angeutazama akaridhika. Wakati huo mauzo ya mwezi yalikuwa yamepunjwa 360,000, na faida nayo hivyo hivyo. Kadi ndizo zilizoumbua, kwa kuwa zilijazwa kutoka kwenye ankara moja moja na hazikuwahi kuiona ile jumla.

Swali linalowasumbua wanafunzi wa uhasibu kila mtihani ni wapi pa kusahihisha, na jibu lake ni kuuliza kosa lilitokea njia ipi. Jumla ya ukurasa iliharibika kwenye njia ya jumla, basi inasahihishwa leja kuu kwa hati ya jarida: debiti akaunti ya udhibiti, krediti mauzo. Kadi haziguswi. Kontra ilishaandikwa kwenye kadi, kwa hiyo nayo inasahihishwa leja kuu peke yake. Kadi iliyosahaulika haikuwa na kosa lolote ndani yake, ni orodha tu iliyokosewa. Inaongezwa kwenye orodha na hakuna hati inayoandikwa. Anayesahihisha pande zote mbili kwa pupa anahamisha tofauti kutoka mahali pamoja kwenda pengine.

Turudi kwenye 42,000. Imejaribiwa. Hakuna ankara ya Juni ya kiasi hicho, hakuna stakabadhi ya kiasi hicho. Haigawanyiki kwa 9. Nusu yake ni 21,000, na hakuna kitu cha 21,000 kilichoandikwa upande mbaya mwezi huu. Hii sasa ndiyo tofauti isiyo na maelezo, na jina hilo ni la muda, siyo hukumu.

Kitu cha kwanza cha kuuliza ni lini ilizaliwa. Kwa bahati duka hili hutunza karatasi za usuluhishi za kila mwezi. Mwisho wa Mei leja kuu ilisoma 18,400,000 na kadi 18,358,000, yaani tofauti ya 42,000. Mwisho wa Aprili ilikuwa 42,000 pia. Mwisho wa Machi hakukuwa na tofauti. Tofauti inayokaa palepale mwezi baada ya mwezi ni kosa moja la zamani lililolala. Tofauti inayobadilika kila mwezi ni jambo jingine kabisa: kuna kitu katika utaratibu wenyewe kinachoendelea kukosewa, na kutafuta ankara moja hakutasaidia. Yetu imekaa palepale, na imezaliwa Aprili. Badala ya kupekua miaka, karani ana mwezi mmoja wa kupekua.

Akatafuta 21,000 kwenye ankara za Aprili. Ilikuwepo, ya brashi na rangi, kwa fundi wa mjini. Kwenye kadi yake ilikuwa imeandikwa upande wa krediti, kana kwamba fundi amelipa, wakati ndiyo kwanza amekopa. Deni lake likapungua 21,000 badala ya kuongezeka 21,000. Fundi hakusema kitu, na si ajabu. Mteja aliyeongezewa deni kimakosa hupiga simu asubuhi hiyo hiyo, aliyepunguziwa hana haraka. Kwa hiyo makosa yanayoishi muda mrefu kwenye leja ya mauzo ni yale yanayomnufaisha mteja. Kwenye leja ya manunuzi kinyume chake: tukiandika pungufu, msambazaji atatukumbusha kwa taarifa ya akaunti yake ya mwezi. Karani wa manunuzi asiyezilinganisha kadi zake na taarifa hizo anaacha kando ushahidi ambao haukuandikwa na mkono wa ndani ya duka.

Kadi ya fundi ikasahihishwa kwa 42,000, orodha ikawa 21,260,000, na majibu mawili yakawa moja.

Lakini kama isingepatikana? Tofauti ya namna hiyo inaachwa wazi kwenye karatasi ya usuluhishi, kwenye mstari wake, ikiwa na kiasi, mwezi ilipoonekana mara ya kwanza, na kilichokwisha kukaguliwa ili mwingine asirudie. Uamuzi wa kuifuta si wa karani wa kadi. Ni wa mwenye duka, kwa sahihi yake. Naye ajue anafuta nini. Kuishusha leja kuu ili ifanane na kadi ni kuingiza gharama ya 42,000 kwenye hesabu ya faida. Katika kisa hiki ingekuwa ni kumzawadia fundi brashi na rangi, na kumrudishia 21,000 nyingine ambayo hakuwahi kuilipa.

Wenye kutumia kompyuta wataniambia hayo yote yamepitwa na wakati. Kwa sehemu ni kweli. Kwenye Tally, kwa mfano, wateja hukaa chini ya kundi linaloitwa Sundry Debtors, na jumla ya kundi ni jumla ya waliomo, basi tofauti haina pa kuingilia. Ila njia mbili zimekuwa moja. Ankara ikiingizwa kwa kiasi kisicho sahihi, mteja na jumla vinakosewa kwa pamoja na vinapatana vizuri tu. Kwenye programu zenye akaunti ya udhibiti iliyojitenga, tofauti huzaliwa mtu anapopitisha hati ya jarida moja kwa moja kwenye akaunti hiyo bila kutaja mteja, na hapo kontra iliyoandikwa haraka haraka ni mshukiwa wa kwanza. Sababu nyingine ni ya kalenda. Orodha imechapishwa tarehe 30 Juni, kisha tarehe 3 Julai mtu anaingiza stakabadhi na kuipa tarehe ya Juni. Leja kuu ya Juni inabadilika, karatasi iliyochapishwa haibadiliki, na siku nzima inapotea kutafuta kosa ambalo halipo.

Kuna mambo ambayo usuluhishi huu hauyaoni, na ni vizuri mwenye duka ayajue kabla hajapumua. Ankara ya mteja wa Kilosa ikiandikwa kwenye kadi ya mteja wa Mvomero, jumla ya kadi haibadiliki. Ankara isiyoingizwa kabisa kwenye daftari haiko njia yoyote, na majibu mawili yatapatana bila yenyewe.

La hatari zaidi ni la mkusanya madeni. Anapokea 500,000 kutoka kwa mteja wa kwanza, anazitia mfukoni, haandiki popote. Wiki inayofuata mteja wa pili analipa 500,000, naye anaziingiza kwenye daftari la fedha na kuziandika kwenye kadi ya yule wa kwanza. Mteja wa tatu ataziba pengo la wa pili, na mchezo unaendelea. Kila kilichoingia kwenye daftari la fedha kimeingia kwenye kadi, hata kama ni kadi ya mtu mwingine, kwa hiyo leja kuu na orodha zinapatana kila mwezi hadi senti. Kinachomfichua ni mteja mwenyewe akiona karatasi. Taarifa ya akaunti ikitumwa kila mwisho wa mwezi na mtu asiyekusanya fedha wala kushika kadi, yenye tarehe ya kila malipo, mteja wa pili atashangaa kuona alicholipa tarehe 9 hakimo. Na namba ya simu iliyoandikwa chini ya taarifa hiyo kwa ajili ya malalamiko iwe ya mwenye duka, isiwe ya mkusanya madeni.